Kabla hujatuma pesa: kusoma ganda la buyu na la ukwaju kwenye picha

Picha iliingia usiku, saa mbili na kitu. Mabuyu yamerundikwa juu ya turubai la bluu chini ya taa ya njano, na chini yake maneno manne: "Mzigo huo bosi, mkavu." Nikatuma pesa ya magunia manne. Yaliposhushwa stendi hapa Tabora nilipasua la kwanza, ndani waridi. La pili, kahawia upande mmoja, linanata. La tatu lilikuwa zima, jeupe kama chaki, nikapata tumaini, la nne likalikata.

Yule kijana aliyenitumia picha hakuniibia. Alinionyesha alichotaka kunionyesha, kwenye mwanga aliokuwa nao, nami nikaona nilichotaka kuona. Tangu siku hiyo sinunui mabuyu wala ukwaju wenye ganda kwa picha niliyotumiwa tu. Nanunua kwa picha niliyoiagiza. Tofauti ni kubwa, na ndiyo nitakayoieleza hapa, zaidi kwa upande wa mabuyu, kwa sababu ganda la buyu lina mengi ya kusema na watu wengi hulisoma vibaya.

1. Agiza picha

Wakusanyaji wangu wengi wako Igunga na Nzega, kule kukavu ambako mbuyu bado unaitwa mwandu. Ujumbe ninaowatumia kwa mzigo wa magunia kumi ni huu, unaweza kuunakili:

"Mwangaluka mama. Naomba utoe mabuyu mawili kwenye kila gunia, moja la katikati na moja la chini kabisa. Yapange chini mistari minne, matano matano, ukianza na ya gunia la kwanza. Iwe mchana, kwenye kivuli cha nyumba, si juani. Weka karatasi nyeupe ya daftari pembeni. Piga picha ukiwa umesimama juu yake. Halafu geuza kila buyu, upande uliokuwa chini uangalie juu, piga ya pili. Halafu vikonyo vyote vinielekee mimi, piga ya tatu."

Kila sharti lina sababu yake. Jua kali hupausha ganda hadi la kijani lionekane la njano. Taa ya njano hufanya hivyohivyo, na turubai la bluu hulitia buyu zima ukungu wa kijivu usio wake. Karatasi nyeupe ni shahidi: kabla ya kuangalia buyu naangalia karatasi kwanza. Karatasi ikionekana ya njano, basi kila kitu kwenye picha hiyo kimeongezewa njano, na siamini rangi yoyote humo. Naomba nyingine.

La mwisho ni picha yenyewe. WhatsApp huibana picha hadi madoa madogo yanafutika, kwa hiyo mwambie abonyeze HD kabla ya kutuma. Bando itakwenda zaidi kidogo. Mrudishie.

2. Anza na kikonyo, si rangi

Wengi hukimbilia rangi. Mimi naanza na picha ya tatu, ile ya vikonyo.

Buyu huning'inia kwa kikonyo kirefu. Likiiva, kikonyo hukauka, kinakuwa cha kahawia, na kinapokatika huacha ncha ya nyuzi kavu zilizochanika kama kamba ya katani. Buyu lililoanguliwa bichi kwa mti mrefu au kwa mawe, kikonyo chake hukatika kwa kunyofoka: ncha ni ya kijani au nyeupe, imelainika, na baada ya siku chache inasinyaa na kujikunja. Ukiikuza picha kwa vidole viwili utaona tofauti hiyo hata kwa simu ya kawaida.

Buyu bichi halitaiva ndani ya gunia. Unga wa ubuyu hukaukia mtini, ndani ya ganda, polepole. Ukilitoa kabla, litakauka kama kitu kingine kinachokaukia juani, lakini ndani utakuta kitu kama sponji kilichosinyaa na kung'ang'ania ganda. Hakipekecheki, hakichekecheki.

Jambo la pili kwenye kikonyo ni kama kipo. Buyu lisilo na kikonyo mara nyingi limeachiwa tundu pale kilipong'oka, na tundu hilo linakwenda moja kwa moja kwenye unga. Maji huingia hapo, wadudu huingia hapo. Picha itakuonyesha duara jeusi juu ya buyu. Likiwa duara la kahawia lililozibwa na nyuzi, afadhali. Likiwa shimo jeusi usiloona mwisho wake, liweke kwenye orodha ya mashaka.

3. Rangi na malaika

Ganda la buyu limevikwa malaika, yale manyoya laini kama ya shavu la mtoto. Buyu changa ni la kijani na malaika wake wamesimama, wanang'aa kidogo kama kitambaa cha mahameli. Likiiva hugeuka njano yenye kahawia, rangi ya sare ya kaki iliyofuliwa mara nyingi.

Hapa kuna mtego ulionitesa miaka miwili. Mibuyu haifanani. Kuna mti ambao mabuyu yake yaliyoiva kabisa bado yana ukijani wa mbali, na kuna mti ambao hutoa ya kahawia mapema. Umbo nalo hutofautiana: ya mviringo, marefu kama chupa, yenye ncha. Umbo halikuambii lolote kuhusu unga, usipoteze muda nalo. Rangi inakuambia kitu pale tu unapolinganisha mabuyu ya mti mmoja. Kwa hiyo nauliza: "Haya ni ya miti mingapi?" Akisema mmoja, na kwenye picha naona mawili matatu ya kijani kati ya ya kaki, hayo mawili matatu ni mabichi. Akisema minne au mitano, rangi naiacha, narudi kwenye kikonyo.

Malaika waliochubuka si kosa. Mabuyu yaliyosafiri kwenye toroli au bodaboda huchubuka mabegani na tumboni, na pale pa kuchubuka ganda huonekana la kahawia iliyokolea, kavu, safi. Ninachokihofia ni ganda lote kuwa na upara wa kijivu, halina malaika hata kwenye mikunjo ya karibu na kikonyo. Hilo ni buyu la msimu uliopita. Huku kwetu mvua huanza Novemba hadi kwenye Aprili. Buyu lililobaki mtini au chini ya mti muda wote huo limeoga na kukauka mara nyingi. Ukitumiwa mabuyu ya kijivu mwezi wa tano ukaambiwa "yameanguka wiki hii", yaweza kuwa kweli yameanguka wiki hii. Swali ni yameiva lini.

4. Tumbo la buyu

Picha ya pili, ile ya upande uliofichwa, ndiyo iliyoniokolea pesa nyingi kuliko zote. Muuzaji akipanga mabuyu, mkono wake wenyewe huyageuza uso mzuri uje juu. Si hila, hata nyanya sokoni hupangwa hivyo.

Tafuta doa. Madoa yako ya aina mbili na yanatofautiana kwa namna yalivyokaa. Michirizi myeusi inayoshuka kutoka kwenye kikonyo kwenda chini ni njia ya maji ya mvua buyu likiwa linaning'inia. Mara nyingi weusi huo uko juu ya ganda tu, na ndani pako salama. Lakini doa pana la upande mmoja, lisilo na malaika, lenye kingo zinazofifia na wakati mwingine vumbi la udongo limeganda humo, ni alama ya kulala chini. Buyu lililala pale ubavu mmoja kwenye unyevu, na unga wa ubavu huo umeunyonya. Unga wa ubuyu hunywa unyevu kama chumvi, ukishalowa hubadilika waridi, kisha kahawia, na ukikaa zaidi unaota ukungu.

Ufa nao una umri. Ukuze uangalie kingo zake: kingo nyeupe au za rangi ya mbao mpya ni ufa wa jana, umetokea buyu lilipotupwa guniani. Kingo nyeusi au za kijivu ni ufa wa zamani, na kila kilichopenda kuingia kimeshaingia.

5. Pasua, lakini chagua wewe

Ganda haliwezi kusema yote. Nimeona buyu lenye kikonyo kizuri, kaki safi, halina doa, ndani kahawia. Kwa hiyo hatua ya mwisho ni kupasua, na hapa watu hukosea kwa kusema "nipasulie moja nione." Atakupasulia analolijua. Sema namba: "Mstari wa kwanza, la tatu. Mstari wa nne, la pili." Apige picha vipande vikiwa karibu na karatasi nyeupe, ganda lake na ndani yake vionekane pamoja, ulinganishe na picha ya mwanzo.

Unga mzuri ni mweupe au rangi ya krimu, umepasukapasuka kama udongo mkavu wa bwawa, kingo zake zinadondosha vumbi. Usiogopeshwe na nyuzi nyekundu zinazopita katikati, hizo ni za kawaida kabisa. Angalia unga ulio kati ya nyuzi. Ukiwa wa waridi, unyevu umeingia. Ukiwa unang'aa, au punje zimeshikana kama kashata, bado mbichi au umelowa. Vumbi la kijani au jeusi ni ukungu, na huo usinunue hata kwa bei ya kutupa, kwa maana ukungu hauchekechwi ukatoka, na sumukuvu haionekani kwa macho wala kwa kamera.

Mfano: magunia kumi ya Igunga

Mwaka huu mama mmoja wa Igunga alikuwa na magunia kumi. Alinipangia ishirini kama nilivyoomba, mwanawe akapiga. Karatasi nyeupe ilikuwa nyeupe, nikaendelea.

Nilihesabu hivi. Kumi na mawili hayakuwa na shaka. Matatu yalikuwa na kikonyo cha kijani: la 17, la 19 na la 20. Mawili hayana kikonyo. Mawili yana upara wa ubavu mmoja. Moja lina ufa wenye kingo nyeupe.

Hayo matatu ya kijani yalinivutia kwa mahali yalipokaa. Kwa kuwa yalipangwa mawili mawili kwa kila gunia, la 17 ni la gunia la tisa, la 19 na la 20 ni ya gunia la kumi. Magunia manane ya mwanzo hayakuwa na bichi hata moja. Nikampigia: "Shikamoo mama. Gunia la tisa na la kumi yametoka wapi?" Akacheka. "Hayo vijana wameangua mwandu mwingine kule bwawani, gari lilikuwa linasubiri tujaze."

Nikachagua matano ya kupasua: mawili safi, moja la kijani, moja lisilo na kikonyo, moja la upara. Mawili safi yalikuwa meupe, yanadondosha vumbi. La kijani lilikuwa limeng'ang'ania ganda, lina umajimaji. Lisilo na kikonyo lilikuwa kahawia juu karibu na tundu, na nyuzi kama za buibui, lakini kuanzia katikati kwenda chini jeupe. La upara lilikuwa waridi ubavu uleule wa doa, na ng'ambo yake zuri. La ufa sikulipasua. Kingo zake nyeupe zilitosha, nililihesabu zima, ila la kusagwa kwanza.

Mazima yakawa 13 kati ya 20. Magunia kumi kwa kipimo hicho ni kama sita na nusu. Nilimwomba aweke kando la tisa na la kumi, na katika yale manane atoe yote yasiyo na kikonyo na yenye upara, mimi nilipe yaliyobaki kwa bei kamili. Yalitoka magunia sita na debe. Hayakufika hesabu kamili, ila karibu. Ishirini ni machache kusemea magunia kumi, na ningekuwa na mashaka ningeomba ishirini mengine.

Kwa nini kusumbuka hivi? Karibu nusu ya uzito wa buyu ni ganda, na kwenye kilo 100 za mabuyu mazima unga wenyewe huwa kama kilo 15 hadi 20, zilizobaki ni mbegu na nyuzi. Nauli unalipia kilo zote 100. Buyu bovu moja linakula nauli ya zima.

Ukwaju: hapa mwombe avunje

Ukwaju, au bushishi kama wasemavyo kule, una ganda jembamba lenye maneno machache. Rangi yake ya kahawia yenye vumbi haikusaidii sana, kwani ganda la ukwaju huanza kuwa la kahawia kabla nyama ya ndani haijawa tayari, na kwenye mti mmoja matunda hayaivi siku moja. Hivyo gunia moja linaweza kuwa na mabivu na mabichi ya mti uleule.

Kinachotofautisha ni nafasi. Tunda bichi, ganda limeshikana na nyama. Likiiva, nyama hupoteza maji na kunywea, ganda linabaki limesimama peke yake kama kibanda kisicho na mtu, na kati yao kuna hewa. Picha ya tunda zima haionyeshi hewa. Kwa hiyo naomba picha mbili tu.

Ya kwanza: akwaruze matunda kumi kwa ukucha, mstari mmoja kila tunda. Mkwaruzo ukiwa kahawia chini yake, limeiva. Ukionekana ukijani, hata kidogo, bado.

Ya pili: abonyeze matunda matano kwa kidole gumba, niliyoyachagua mimi. Ganda lililoiva huvunjika vipande vyenye kingo kali, kama ganda la yai, na huanguka lenyewe. Bichi hubonyea, hujikunja, na ukilivuta linakuja na nyama. Hapo ndani pia pataonekana. Nyama nzuri ni kahawia yenye wekundu, inanata, na nyuzi zake zinaonekana kama mishipa. Iliyokolea kuelekea nyeusi lakini kavu ni ya zamani, maana ukwaju huwa mweusi kwa kukaa. Kwa juisi bado inafaa, kwa bei ya chini. Nyeusi inayong'aa majimaji, na ganda limekuwa laini kama karatasi iliyolowa, imepigwa na mvua, iache. Ukwaju ulioiva unaweza kukaa mtini hata miezi sita ukizidi kukauka, kwa hiyo kuchelewa kuvuna si shida. Shida ni mvua kuukuta.

Halafu matundu. Likuze kila tunda utafute tundu la mviringo, upana wa kijiti cha kiberiti au chini yake. Hilo ni tundu la kutokea fukusi anayekula mbegu ya ukwaju. Pembeni yake unaweza kuona kifuko cheupe kama karatasi kilichobandikwa kwenye ganda, humo ndimo funza wake alimogeuka fukusi. Kumbuka ni tundu la kutokea: lenye tundu fukusi ameshaondoka, na yaliyo mazima pembeni yake yanaweza kuwa bado nao ndani. Nikiona matundu kwenye matunda matatu kati ya thelathini, nahesabu kwamba yaliyobunguliwa ni zaidi ya hayo, na mzigo huo naununua tu kama naumenya wiki hiyohiyo.

Na nikishaupokea, gunia hilo haliingii stoo yenye karanga za maganda. Fukusi huyo wa ukwaju hula karanga vilevile, na huku Tabora kila stoo ina gunia la karanga kwenye kona. Mimi niliyaweka pamoja msimu mmoja, ukwaju upande huu, karanga za mbegu upande ule, hatua tatu kati yao. Nilipofungua karanga wakati wa kupanda, maganda yalikuwa na yale matundu ya kijiti cha kiberiti.